Kurasa Mbili au Kurasa Nne: Kulinganisha Nyimbo Mbili Mpya za Matoleo kwa Saa, si kwa Karatasi

Mwezi mmoja kabla ya kubadilisha nyimbo za kipindi, mezani petu kulikuwa na nyimbo mbili mpya za matoleo, na kwaya ilikuwa na muda wa kujifunza mmoja tu vizuri. Wa kwanza uliandikwa katika kurasa mbili, wa pili katika kurasa nne. Katibu wa kwaya aliziangalia zote mbili, akasema, "Mwalimu, hapa hakuna mjadala, tuchukue huu mfupi." Alikuwa akinyoosha kidole kwenye ule wa kurasa mbili. Tulipoziimba na stopwachi ya simu mkononi, huo wa kurasa mbili ulichukua dakika 11 na sekunde 48, na ule wa kurasa nne dakika 4 na sekunde 51. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo imetoka wapi, na kwa nini hata baada ya kuijua hatukuutupa ule mrefu. Ninaandika kwa walimu wa kwaya wenzangu, hasa wa parokia za Dar es Salaam ambako Misa hufuatana asubuhi moja na waamini wa Misa inayofuata huwa wamekwisha kusimama uani, juani, kabla wale wa ndani hawajaanza kutoka.

Kwetu Tabata Misa ya kwanza ya Jumapili huanza saa 12:00 asubuhi na ya pili saa 2:00. Kabla ya kuugusa wimbo wowote nilikwenda kupima tendo lenyewe ambalo wimbo unatakiwa kulisindikiza, kwa sababu wimbo hauwezi kuitwa mrefu au mfupi bila kujua ni mrefu kuliko nini. Kwa Jumapili nne nilianza kuhesabu mara tu Sala ya Waumini ilipokwisha, nikaacha kuhesabu Padre alipokwisha kunawa mikono na kugeukia waamini kusema "Salini ndugu". Katika Misa ya kwanza, ambayo waamini wake si wengi na sadaka hukusanywa mara moja, muda huo ulikuwa kati ya dakika 5 na dakika 6. Katika Misa ya pili, yenye watu hadi kwenye mahema ya nje, muda ulikuwa kati ya dakika 8 na dakika 9 na nusu. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa na vyombo viwili vya ukubwa tofauti vya kujaza, na swali la "wimbo gani unafaa" lilikuwa tayari limegawanyika mara mbili.

Sheria ya Kanisa kuhusu jambo hili iko wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Papa Pius wa Kumi, katika waraka wake wa mwaka 1903 kuhusu muziki mtakatifu, alikataza kumfanya padre asubiri altareni kwa sababu ya wimbo kupita kiasi ambacho adhimisho lenyewe linaruhusu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, katika kifungu cha 74, yanasema wimbo wa matoleo usindikize maandamano ya kuleta vipaji na uendelee walau mpaka vipaji viwekwe juu ya altare. Ukiyasoma maelekezo hayo mawili pamoja, utaona kwamba makosa ya kuzidisha na ya kupunguza hayalingani uzito. Wimbo ukiisha baada ya vipaji kufika altareni huku Padre akiendelea na maandalizi, hakuna kilichovunjika, kwa maana kinanda kinaweza kuendelea polepole au watu wakakaa kimya. Wimbo ukiendelea baada ya Padre kunawa mikono, yeye hana la kufanya isipokuwa kusimama na kusubiri. Ndiyo maana katika kulinganisha nyimbo hizi mbili niliuhesabia upungufu wa dakika nzima kuwa kosa dogo kuliko ziada ya nusu dakika.

Sasa tuzifungue nyimbo zenyewe. Nitatumia neno "kipimo" kwa maana ya ile nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima katika nota, na "pigo" kwa kila hesabu moja ya mkono wa mwongozaji ndani ya kipimo hicho. Ili kupata sekunde za kipimo kimoja unachukua idadi ya mapigo yake, unazidisha kwa 60, kisha unagawa kwa mwendo ulioandikwa juu ya wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa kurasa mbili una mapigo manne kwa kipimo na mwendo wa 80, hivyo kila kipimo ni sekunde 3. Wimbo wa kurasa nne ni wa sita kwa nane, unaohesabiwa kwa mapigo makubwa mawili kwa mwendo wa 60, hivyo kila kipimo ni sekunde 2.

Katika karatasi ya wimbo wa kurasa mbili kuna vipimo 48 tu: utangulizi wa kinanda vipimo 8, kiitikio 16, kipande cha kinanda cha kuingilia ubeti 4, ubeti 12, na kimalizio 8. Beti tatu zimeandikwa moja chini ya nyingine kwenye nota zilezile, na hapo ndipo jicho linapodanganyika, kwa sababu vipimo 48 kwa sekunde 3 ni chini ya dakika mbili na nusu. Lakini karatasi hiyo imejaa alama za kurudia. Kiitikio kina alama ya kurudiwa, kwa hiyo kila kinapoimbwa ni vipimo 32. Vipimo vinne vya mwisho vya ubeti navyo vinarudiwa, kwa hiyo ubeti ni vipimo 16. Kila ubeti unatanguliwa na kipande cha kinanda na kufuatwa na kiitikio kizima, na mzunguko huo mmoja ni vipimo 52, yaani dakika 2 na sekunde 36. Ukijumlisha utangulizi, kiitikio cha kwanza, mizunguko mitatu na kimalizio unapata vipimo 204, ambavyo ni dakika 10 na sekunde 12. Kile kilichoandikwa mara moja kinaimbwa zaidi ya mara nne.

Wimbo wa kurasa nne ni kinyume chake. Mtunzi ametoa mahadhi tofauti kwa kila ubeti, kwa hiyo beti zote tano zimeandikwa kwa kirefu na zimekula karatasi. Utangulizi ni vipimo 4, kiitikio ni 12 bila kurudiwa, kila ubeti ni 12, na kimalizio ni 4. Hakuna kipande cha kinanda katikati, kwa maana ubeti unaingia kwenye pigo la mwisho la kiitikio, sauti ya kwanza ikianza kabla besi hawajamaliza. Jumla ni vipimo 140, sawa na dakika 4 na sekunde 40.

Hesabu ya karatasi, hata ikifanywa kwa uangalifu, bado si muda wa Jumapili. Wimbo wa kurasa mbili ulitoka dakika 10 na sekunde 12 kwa hesabu, lakini stopwachi ikasema 11 na sekunde 48, na nilitaka kujua sekunde hizo 96 za ziada zimetoka wapi kabla ya kuilaumu kwaya. Nyingi zilitoka kwenye mwendo. Nilipoweka metronomu baadaye niligundua kwamba wanakwaya, wakiwa na kiitikio kitamu chenye sauti ndefu za tenori, walikuwa wametulia kwenye 72 badala ya 80, na tofauti hiyo inayoonekana ndogo inageuza kipimo cha sekunde 3 kuwa sekunde 3 na theluthi moja, ikaongeza sekunde 68 kwa wimbo mzima. Sekunde 10 zilitoka kwenye kimalizio, ambako kila mwongozaji hupunguza mwendo na kuivuta sauti ya mwisho. Zilizobaki, kama sekunde 18, zilitoka kwenye maungio: kila mara tulipotoka kwenye kinanda kuingia kwenye ubeti, na tena kutoka kwenye ubeti kurudi kwenye kiitikio, kwaya ilivuta pumzi ya pamoja na kunisubiri kwa kama sekunde tatu. Maungio sita ya namna hiyo hayasikiki kama uchelewaji mtu anapokuwa ndani ya wimbo, lakini aliye altareni anayasikia.

Wimbo wa kurasa nne ulizidi hesabu yake kwa sekunde 11 tu, na karibu zote zilikuwa za kimalizio. Sababu ni mbili. Ngoma na kayamba haziruhusu mwendo kulegea, na maungio ya kupishana hayaachi nafasi ya kuvuta pumzi ya pamoja. Hata hivyo ngoma zina hatari yake ya upande wa pili, kwani kwaya yenye furaha hukimbia, na wimbo wa mwendo wa 60 ukifika 66 maneno ya beti huanza kumezwa. Kwa hiyo ukipima wimbo wa ngoma, pima pia kama mtu aliyeketi benchi la nyuma anaelewa maneno.

Jambo moja zaidi kuhusu namna ya kupima: usipime kwa rekodi ya mtunzi iliyotumwa kwenye simu, kwa sababu rekodi za studio mara nyingi hupunguza beti au huongeza vipande vya vinanda ambavyo ninyi hamtavipiga. Usipime pia katika mazoezi ya kwanza au ya pili, wakati wanakwaya bado wanatafuta sauti. Mimi hupima wiki ya tatu, wote wakiwa wamesimama, kinanda na ngoma zikiwepo, bila kuwaambia kwamba ninapima.

Hadi hapa ungeweza kusema kwamba suala limekwisha, kwamba wimbo wa karibu dakika 12 haufai na wa karibu dakika 5 unafaa. Nami ningekuwa nimekosea kama ningeishia hapo, kwa sababu jumla ya dakika ndicho kigezo dhaifu kuliko vyote katika kuchagua. Hakuna Misa inayotulazimisha kuimba beti zote. Swali lenye uzito ni hili: wimbo huu una milango mingapi ya kutokea, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni sekunde ngapi?

Mlango wa kutokea ni mahali ambapo wimbo unaweza kumalizika bila kuonekana umekatwa, na katika nyimbo za kiitikio na beti ni mwisho wa kiitikio, ukifuatiwa na kimalizio. Katika wimbo wa kurasa mbili, kwa mwendo ulioandikwa, milango iko kwenye dakika 5:00, 7:36 na 10:12. Katika wimbo wa kurasa nne iko kwenye 1:28, 2:16, 3:04, 3:52 na 4:40. Fikiria basi kwamba uko Misa ya kwanza na wimbo wa kurasa mbili, na tendo la altareni litachukua dakika 5 na sekunde 50. Ukitoka kwenye mlango wa kwanza unaacha sekunde 50 za kinanda, jambo linalokubalika. Ukiupita mlango huo kwa sababu foleni ya sadaka ilikuwa bado ndefu, mlango unaofuata uko dakika 2 na sekunde 36 mbele, na Padre atasimama akikusubiri kwa karibu dakika moja na sekunde 46. Katika wimbo wa kurasa nne, kosa kama hilo la kuupita mlango linakugharimu sekunde 48 kwa ubaya wake wote. Mwaka fulani, katika kwaya niliyoiongoza kabla ya hii, niliupita mlango mmoja tu wa wimbo wenye mzunguko mrefu namna hiyo. Padre alisubiri karibu dakika tatu na kanisa zima liliona. Tangu siku hiyo hupima mzunguko kabla ya kupima wimbo.

Tena mlango haufunguliwi ukiwa umeshaufikia. Kwaya ya watu arobaini, pamoja na mpiga kinanda aliyetupa mgongo, inahitaji kujua mapema kwamba kiitikio hiki ndicho cha mwisho, kwa sababu kimalizio kina nota tofauti na mwendelezo wa kawaida. Sisi tumekubaliana kwamba ishara ya ngumi hutolewa mwanzoni mwa kiitikio cha mwisho, kamwe si katikati yake. Kwa wimbo wa kurasa mbili, hata ukitoa ishara mwanzoni mwa marudio ya pili, bado kuna vipimo 16 vya kiitikio na 8 vya kimalizio, yaani sekunde 72. Kwa wimbo wa kurasa nne ni vipimo 12 na 4, yaani sekunde 32. Kwa maneno mengine, wimbo wa kwanza unakudai utabiri hali ya altareni kwa zaidi ya dakika moja mbele, na wa pili unakudai nusu dakika.

Utabiri huo unawezekana, lakini lazima uwe na alama ya kuitazama. Nilipokuwa nikipima zile Jumapili nne niliandika pia ni nini hutokea lini, nikaona kwamba tangu Padre anapoinua patena hadi anapomaliza kunawa mikono hupita kati ya dakika 1 na sekunde 10 na dakika 1 na nusu, ikiwa hakuna ubani. Hiyo ndiyo alama ya wimbo wa kurasa mbili, kwani sekunde 72 zinaingia humo karibu kabisa: patena inapoinuliwa, kiitikio kinachofuata ndicho cha mwisho. Shida ni kwamba patena huenda ikainuliwa wakati kwaya iko kipimo cha tatu cha ubeti, na hapo kuna ubeti mzima na nusu ya kwanza ya kiitikio kabla hata ya mahali pa kutoa ishara. Kwa wimbo wa kurasa nne alama ni mtumishi anapokaribia na maji ya kunawa. Au, kama sitaki kuchelewa hata kidogo, ni kikombe kinapoinuliwa. Siku ya ubani alama zote husogea kwa kama dakika moja, na hiyo ni dakika ya kuikumbuka sakristiani kabla ya Misa, si wakati unapoona moshi.

Kuna kigezo cha tatu ambacho stopwachi haikijui, nacho ni maneno. Katika wimbo wa kurasa mbili ubeti wa kwanza unatoa mkate, wa pili unatoa divai, na wa tatu unatoa nafsi zetu pamoja na kazi za mikono yetu. Mtunzi amejenga ngazi, na ukitoka kwenye mlango wa kwanza utakuwa umemtolea Mungu mkate na kuiacha divai njiani. Mlango upo kwa muziki, lakini kwa maneno umefungwa. Katika wimbo wa kurasa nne kila ubeti ni sala iliyokamilika yenyewe, hivyo milango yote mitano ni ya kweli. Kwangu mimi hoja hii ilikuwa na uzito kuliko dakika zote, kwa sababu ilimaanisha kwamba wimbo wa kurasa mbili, ukiimbwa kwa uaminifu, una mlango mmoja tu, nao uko kwenye dakika ya 10 na sekunde 12. Hakuna Misa yetu inayoufikia.

Basi kwa nini hatukuutupa? Kwa sababu mkutano wa waamini ulihitaji kujifunza kiitikio, na kiitikio chake ni kizuri kuliko cha mwenzake: mistari mifupi, sauti zisizopanda juu mno, maneno ambayo mtoto wa Komunio ya Kwanza anayashika. Marudio yanayorefusha wimbo ndiyo yanayowafundisha watu, na mwalimu anayeyafuta yote kwa haraka ya kuokoa dakika huishia na wimbo mfupi unaoimbwa na kwaya peke yake. Katika hili nyimbo hizi zinakaribiana kuliko unavyodhani. Ukitoka kwenye mlango wa dakika 5:00 wa wimbo wa kwanza, waamini wamekutana na kiitikio mara nne. Ukitoka kwenye mlango wa 3:04 wa wimbo wa pili, wamekutana nacho mara nne vilevile. Tofauti ni kwamba mara mbili za mwanzo za wimbo wa kwanza zinafuatana papo hapo, na mtu asiyeujua wimbo hunufaika zaidi na marudio yanayofuatana kuliko yanayotenganishwa na ubeti wenye mahadhi mapya.

Kwa hiyo nilijaribu kupunguza kile kisichofundisha mtu na kukiacha kinachofundisha. Kiitikio cha kwanza kabisa kilibaki mara mbili. Baada ya kila ubeti kiimbwe mara moja. Vipande vya kinanda vya kuingilia beti viliondolewa vyote, mpiga kinanda akapewa pigo moja tu la kuwaita wanakwaya. Marudio ya mstari wa mwisho wa ubeti niliyaacha, maana ndiyo yanayobeba neno la kutoa. Mzunguko ukashuka kutoka vipimo 52 hadi 32, yaani dakika 1 na sekunde 36, na milango ikawa kama inavyoonekana hapa, kwa mwendo ulioandikwa:

| Ukimaliza baada ya | Kurasa mbili, kama ulivyoandikwa | Kurasa mbili, uliopunguzwa | Kurasa nne |
|---|---|---|---|
| ubeti wa 1 | 5:00 | 4:00 | 1:28 |
| ubeti wa 2 | 7:36 | 5:36 | 2:16 |
| ubeti wa 3 | 10:12 | 7:12 | 3:04 |
| ubeti wa 4 | hakuna | hakuna | 3:52 |
| ubeti wa 5 | hakuna | hakuna | 4:40 |

Safu ya katikati ndiyo iliyoamua. Dakika 7 na sekunde 12 zinabeba beti zote tatu, mkate, divai na nafsi, na zinaingia ndani ya dakika 8 hadi 9 na nusu za Misa ya pili bila kumgusa Padre. Hata kwaya ikirudi kwenye ulegevu wake wa 72, wimbo unafika dakika 8 kamili, ambazo ndizo mwisho wa chini wa Misa hiyo. Nilimpigia mtunzi kuomba ruhusa kabla ya kuigusa kazi yake, akakubali upunguzaji wote isipokuwa utangulizi, ambao alisema usipungue hata kipimo kimoja. Sikubishana naye, utangulizi wake ni sekunde 24, na ndizo ambazo wakusanya sadaka huzitumia kuinuka na kusogea.

Kwa Misa ya kwanza hata wimbo uliopunguzwa haufai. Beti zote tatu zinazidi dakika 7, na mlango wa 5:36, ambao unaelekea kutosha, unaiacha ngazi ya maneno katikati. Hapo wimbo wa kurasa nne hauna mpinzani: beti zote tano kwa karibu dakika 5, na milango minne ya kweli kabla yake ikiwa siku hiyo waamini ni wachache.

Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kwa nini tusiuchukue wimbo wa kurasa nne kwa Misa zote mbili na kuurefusha kwa kuimba kila kiitikio mara mbili. Hesabu inamuunga mkono, kwani viitikio sita vya ziada vya sekunde 24 vinaufikisha dakika 7 na sekunde 4, na kwa kweli wimbo mfupi ni rahisi kurefushwa kuliko mrefu kufupishwa. Tulijaribu kwenye mazoezi. Kiitikio kimoja cha ngoma kuimbwa mara kumi na mbili kilichosha kwaya, na kufikia mara ya tisa mwendo ulikuwa umepanda kiasi kwamba ubeti wa tano haukueleweka. Njia nyingine ya kuijaza Misa ya pili ni kuuimba wimbo huo mara moja na kuunganisha wimbo wa zamani, lakini hapo lazima uhesabu pia muda wa kuhama: kufungua karatasi, mpiga kinanda kubadilisha mdundo, sauti nne kupewa nota zao. Kwetu kuhama huko huchukua kama sekunde 25 za ukimya na minong'ono, na wimbo wa pili unaanza na utangulizi na kiitikio chake ambavyo haviwezi kukatwa. Nyimbo mbili fupi mara nyingi zina mlango mmoja mbaya katikati yake.

Nionye tu kwamba uamuzi huu ni wa matoleo peke yake. Wimbo huohuo wa kurasa mbili ukiupeleka kwenye shukrani baada ya Komunio, ambako hakuna tendo linaloendelea na kila mtu ameketi, kila sekunde yake ni nyongeza tupu juu ya Misa, na hata ile safu ya katikati ingekuwa ndefu mno.

Tulijifunza nyimbo zote mbili hatimaye, ule wa kurasa nne kwanza. Katika nakala za kila mwanakwaya tumechora kwa kalamu nyekundu duara dogo mwanzoni mwa kila kiitikio ambacho ishara ya ngumi inaweza kutolewa, na vipande vya kinanda vilivyoondolewa vimepigwa mstari. Jumapili ya kwanza ya wimbo uliopunguzwa, Misa ya pili, tulimaliza kwa dakika 7 na sekunde 40. Padre alikuwa bado hajafikia kunawa mikono. Mpiga kinanda aliendelea peke yake, taratibu, na kutoka kwenye mahema ya nje tuliwasikia watu wakiendelea kuvumisha kiitikio bila sisi.